Makuta ya publisite imeenda wapi? Namna ya kusoma kampeni inayoficha njia zake

Wengi wetu tulimaliza masomo, tukajikuta tunafanya kazi ambayo haikuwa kwenye diplome: kusaidia mama, shangazi au jirani kutangaza biashara yake kwenye internet. Leo nataka tuongee juu ya swali moja ambalo mwenye duka anauliza siku zote, na ambalo siye "wataalamu" tunalikwepa. Swali ni hili: "Mwanangu, makuta yangu imeenda wapi?"

Kwa kampeni za kawaida, jibu liko. Unachagua maneno, unaona mutu aliandika nini kwa Google, alikliki mara ngapi, na kila kliki imekula dola ngapi. Lakini Google ilileta aina nyingine ya kampeni inayoitwa Performance Max, na toka mwezi wa Novemba 2021 kila mwenye kutangaza anaweza kuitumia. Wewe unatoa vipande tu: vichwa vya tangazo, maelezo, picha, logo, video. Unaweka bajeti na lengo. Mashine njo inachagua nani aone, na mahali gani: kwenye matokeo ya kutafuta, YouTube, Gmail, Maps, Discover, na maelfu ya tovuti na programu za simu. Ukikosa kutoa video, Google inaweza kutengeneza moja kwa picha zako na kuipeleka YouTube.

Ni kazi rahisi, kwa hiyo vijana wengi wanaipenda. Shida inaanza siku ya ripoti. Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Tarakimu nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane wazi. Si za duka fulani, lakini mwendo wake ni ule tunaokutana nao.

Duka la sola, Mabanga

Mama mmoja yuko na duka Mabanga Sud, anauza seti za sola: paneli, betri na taa. Seti moja ni dola 180, na faida yake ni dola 45. Ametoa dola 300 kwa mwezi mmoja wa matangazo. Hesabu ya kwanza, kabla ya kufungua kompyuta: 300 gawanya kwa 45 ni 6 na zaidi. Ni kusema akiuza seti 7 kutokana na tangazo, amerudisha makuta yake na kupata kidogo. Akiuza chini ya hapo, amekula hasara. Hiyo namba 7 iandikeni pembeni, sababu ripoti haitaionyesha kamwe.

Mwisho wa mwezi ripoti inasema: tangazo limeonekana mara 180,000, watu wamekliki mara 2,400, na kuna "conversions" 96. Dola 300 gawanya kwa 96 ni karibu dola 3 na senti 13. Kijana anayesimamia anafurahi. Mama anafungua daftari lake: ujumbe wa WhatsApp ulioingia ni 31, walioulizia kweli ni 12, walionunua ni 4. Faida dola 180, matumizi dola 300. Hasara dola 120.

Nani anadanganya? Hakuna. Wanahesabu vitu viwili tofauti. Ile 96 ni mara ambazo mutu aligusa kibuto cha WhatsApp kwenye ukurasa. Kibuto kikiguswa, WhatsApp inafunguka na ujumbe uko tayari, lakini mutu lazima abonyeze tena kutuma. Wengine wanabadilisha mawazo, wengine mtandao unakata, na wengine kidole kiliteleza tu. Mashine haijui tofauti. Kwake yote 96 ni ushindi sawasawa, na kesho itatafuta watu wanaofanana na hao 96, hata wale wa kidole kuteleza.

Hapo njo mzizi wa mambo. Katika kampeni ya namna hii, ukihesabu kitu cha bei rahisi, mashine itakuletea kitu cha bei rahisi.

Ripoti ya mahali: soma, lakini usiigeuze kuwa makuta

Jambo la pili mama anauliza: "Tangazo langu liliwekwa wapi?" Ukifungua ripoti kwenye sehemu ya "Where ads showed", utapata orodha ya tovuti, programu na chaneli. Lakini kwa Performance Max orodha hiyo inatoa hesabu ya kuonekana peke yake. Hakuna kliki, hakuna gharama, hakuna mauzo. Na kurasa za Google zenyewe zinawekwa pamoja kwenye mstari mmoja.

Tuseme kwenye 180,000, mara 118,000 ni ndani ya michezo ya simu, ile ambayo watoto wanacheza wakichukua simu ya mzazi. Kijana anaruka: "Mama, theluthi mbili ya makuta yako imekuliwa na michezo ya watoto!" Pole pole. Kuonekana mara elfu ndani ya mchezo kunaweza kugharimu senti chache, wakati kliki moja ya mutu aliyetafuta "panneau solaire Goma" inaweza kupita bei hiyo mbali. Hesabu ya kuonekana si hesabu ya dola.

Toka mwaka 2025 Google ilifungua dirisha kidogo: ripoti ya njia, inayoitwa "Channel performance". Hiyo inagawa matokeo na gharama kwa njia kubwa, kama Search, YouTube, Display, Gmail, Maps. Katika mfano wetu inasema hivi: Display imekula dola 130 na kuleta conversions 70. Search imekula dola 80 na kuleta 14. YouTube dola 60 na 5. Njia nyingine dola 30 na 7. Jumla dola 300 na 96, sawa.

Angalieni vizuri ginsi mashine inaona mambo. Display inatoa conversion moja kwa dola 1 na senti 86. Search inatoa moja kwa dola 5 na senti 71. Kwa macho ya mashine, Display ni bora mara tatu, na makuta yatazidi kwenda kule. Lakini kama wanunuzi wanne wa mama wote walitoka Search, basi mashine inakimbia kwa bidii kuelekea upande mubaya. Ripoti haiwezi kukujibu, sababu ripoti haikuwepo dukani siku mutu alilipa.

Ukiona hivyo, namna gani ujue kama kuna michezo na vidole vilivyoteleza? Kuna dalili mbili. Ya kwanza ni pengo kati ya kibuto na ujumbe: 96 kwa 31. Pengo fulani ni la kawaida, lakini likiendelea kupanuka wiki kwa wiki huku "conversions" zikipanda, jua umeanza kununua vidole. Ya pili ni muda mutu anakaa kwenye ukurasa. Mutu anayetaka seti ya dola 180 anasoma bei, anaangalia picha. Aliyefika na kugusa kibuto ndani ya sekunde mbili hakusoma kitu. Programu zinazoonekana mbaya unaweza kuzizuia kwa akaunti nzima, na Performance Max inaheshimu kizuizi hicho. Lakini kuzuia moja moja ni kama kufukuza inzi: leo kumi, kesho mia.

Weka alama yako mwenyewe

Kama ripoti haikuambii mteja ametoka wapi, fanya mteja aje na alama. Kiungo cha WhatsApp kinakubali ujumbe ulioandikwa tayari. Unaweza kumalizia ujumbe huo kwa herufi moja:

```
https://wa.me/243XXXXXXXXX?text=Jambo%2C%20naulizia%20seti%20ya%20sola%20S
https://wa.me/243XXXXXXXXX?text=Jambo%2C%20naulizia%20seti%20ya%20sola%20P
```

Ujumbe ukiingia na "S" mwishoni, umetoka ukurasa wa kwanza. Ukiingia na "P", wa pili. Mama haitaji kujua kompyuta. Anaandika kwenye daftari mistari mine: tarehe, herufi, aliuliza kweli au hapana, alinunua au hapana. Daftari hilo la franka chache litakufundisha kuliko skrini nzima.

Lakini muangalie mtego mmoja. Performance Max inakuja na ruhusa imewashwa ya kupeleka watu kwenye ukurasa mwingine wa tovuti yako ikiona unafaa zaidi. Inaitwa "Final URL expansion". Usipoizima, watu watatua kwenye kurasa zisizo na alama yako, na daftari litasema uongo.

Mtego mwingine ni wa eneo. Kwa kawaida mpangilio unaruhusu hata watu "wanaopendezwa" na mahali ulipochagua, wasiokaa hapo. Duka la Mabanga linalopeleka seti kwa motari halifaidiki na mutu wa mbali aliyesoma habari za Goma tu. Chagua "Presence", yaani waliopo au wanaokuwepo mara nyingi. Hata hapo, siye tunaokaa mpakani tunajua simu inaweza kushika mtandao wa upande wa Gisenyi. Kwa hiyo ripoti ya miji isomwe kwa uangalifu, na mteja aulizwe tu: "Uko kartiye gani?"

Toa njia moja nje ya sanduku

Sasa njo hatua kubwa. Huwezi kufungua sanduku, lakini unaweza kutoa kitu kimoja nje yake na kukipima peke yake. Kitu rahisi zaidi ni Search. Tengeneza kampeni ya kawaida ya Search yenye maneno machache ambayo mnunuzi wa kweli anaandika: "panneau solaire goma", "kit solaire prix goma", "batterie solaire goma". Yaweke kwa ulinganisho kamili, ule wa mabano:

```
[panneau solaire goma]
[kit solaire prix goma]
[batterie solaire goma]
```

Neno likifanana kabisa na kile mutu ameandika, kampeni ya Search njo inapewa nafasi kabla ya Performance Max. Kwa hiyo hao wateja wanahama kutoka sandukuni na kuingia kwenye kampeni inayokuonyesha kila kitu. Ipe ukurasa wenye herufi S. Performance Max ipe ukurasa wenye herufi P. Bajeti sawa: dola 150 kila moja.

Mwezi wa pili daftari la mama linasema hivi. S: kibuto 26, ujumbe 17, walioulizia kweli 10, walionunua 4. P: kibuto 55, ujumbe 13, walioulizia kweli 3, aliyenunua 1.

Kwa ripoti, P imeshinda, 55 kwa 26. Kwa daftari, S imeshinda, 4 kwa 1. Mama anasema: "Basi tufunge hii P." Ngoja kidogo, mama. 4 kwa 1 ni namba ndogo sana. Rusha sarafu mara tano: karibu mara 37 kwa 100 utapata upande mmoja 4 au zaidi, na sarafu haina kosa lolote. Bajeti zilikuwa sawa, kwa hiyo kulinganisha na sarafu ni haki. Sasa chukua walioulizia kweli, 10 kwa 3. Sarafu ikirushwa mara 13 inatoa tofauti kubwa kama hiyo karibu mara 9 kwa 100. Ni dalili nzuri kuliko ya kwanza, lakini bado haitoshi kufunga jambo.

Hapa kuna fundisho kwa duka dogo. Mauzo ni ukweli, lakini ni machache. Vibuto ni vingi, lakini ni uongo nusu. Katikati kuna maswali ya kweli: mutu ameuliza bei, ameuliza betri inakaa saa ngapi, ameuliza kama mnaleta mpaka Katindo. Hayo njo ya kuhesabu kila wiki, sababu yako karibu na mauzo na yanatosha kwa hesabu.

Mama anakubali mwezi mmoja zaidi, bila kubadilisha chochote. Jumla ya miezi miwili: walioulizia kweli S 21, P 7. Sarafu ingetoa hivyo karibu mara 1 tu kwa 100. Walionunua S 9, P 3. Tugeuze kuwa makuta: S imekula dola 300 na kuleta faida dola 405, imebaki dola 105. P imekula dola 300 na kuleta dola 135, imepoteza dola 165. Sasa mama anaweza kuamua, na anaamua akijua.

Lakini tuwe wakweli juu ya mpaka wa jaribio hili. Hatukupima Performance Max nzima. Tulitoa ndani yake watafutaji wazuri, tukapima kile kilichobaki, zaidi sana Display na YouTube. Inawezekana pia mutu aliona video ya P, siku tatu baadaye akatafuta kwa Google, akanunua kwa herufi S. Namna ya kuangalia: simamisha P wiki tatu na uache S jinsi ilivyo. Kama maswali ya S yanashuka bila sababu nyingine, P ilikuwa inasaidia kimya kimya. Kama yanabaki pale pale, haikuwa inasaidia. Chagua wiki za kawaida kwa jaribio hilo. Wiki ambayo kartiye nzima imekosa umeme, kila mutu anatafuta sola na jaribio limeharibika.

Na picha, je?

Sehemu ya mwisho inayofichwa ni vipande. Kwa muda mrefu Performance Max iliweka alama tu kwa kila picha na kichwa: "Low", "Good" au "Best". Alama hiyo ni ya kulinganisha vipande vya aina moja ndani ya kampeni yako. Picha ya "Low" si lazima iwe mbaya. Ni ya mwisho katika darasa lako. Ukiifuta, nyingine itachukua nafasi yake mkiani.

Baadaye namba zimeongezwa kwa kila kipande: kuonekana, kliki, conversions. Watu wanafurahi na kuanza kujumlisha. Usijumlishe. Tangazo moja linabeba kichwa, maelezo na picha kwa pamoja, na conversion moja inaandikwa kwa vipande vyote vilivyoonekana. Ukijumlisha picha, vichwa na maelezo utapata namba kubwa kuliko ya kampeni. Tena picha yenye namba nzuri pengine ilipelekwa mahali pazuri, si kwamba yenyewe ilivuta mutu. Mashine haikugawa nafasi kwa haki, iligawa kwa bei.

Basi unajifunza nini juu ya picha? Badilisha kitu kimoja, andika tarehe kwenye daftari lilelile, na uache wiki mbili au tatu. Mfano: kichwa "Seti ya sola ya nyumba" kinabadilishwa kuwa "Seti ya sola dola 180". Kliki zitashuka, na ripoti italalamika. Lakini kama maswali ya kweli yanabaki 10 huku ujumbe wa "bei gani?" bila kurudi ukipungua, bei iliyoandikwa wazi imechuja watu kwa ajili yako. Na usisahau njia ya zamani: mteja akifika dukani, muulize "Uliona picha gani?" Wateja kumi watakuambia kitu ambacho hakuna safu ya ripoti inayo.

Ukiwa na nguvu zaidi, kuna hatua ya kumfundisha mashine lugha ya daftari. Badala ya kibuto tu, weka fomu fupi ya jina na namba ya simu, inayohifadhi alama ya kliki, `gclid`, kimya kimya. Mauzo yakitokea, unarudisha hiyo alama kwa Google ndani ya siku 90 toka siku ya kliki. Hapo mashine inaanza kutafuta wanaonunua badala ya wanaogusa. Kwa duka linalouza seti 4 kwa mwezi, mauzo ni machache mno kwa mashine kujifunza; rudisha "aliuliza kweli" kwanza.

Kwa hiyo mama akiuliza makuta imeenda wapi, kijana wa Mabanga hawezi kumtajia kila tovuti na kila senti. Anaweza kumwambia: "Mama, dola 300 hii ilileta watu 21 wa kweli na seti 9. Ile nyingine ilileta 7 na seti 3. Mwezi ujao tunaweka wapi?"